Kuegemeza akiba kwenye kampuni ndogo na hisa nafuu: namna ya kuamua, na namna ya kufanya ukishaamua

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anaweka akiba kila mwezi kwenye mfuko unaofuata soko zima la hisa, hasa la Marekani, na sasa amesikia kwamba kuna namna ya kupata faida zaidi: aongeze kampuni ndogo, na zaidi ya hapo aongeze zile ambazo bei yake sokoni ni ya chini ukilinganisha na mali iliyo vitabuni. Nitaiita namna hiyo mwegemeo, kwa sababu huuachi mfuko wako wa soko zima, unauinamisha upande mmoja tu. Kama bado huna mfuko wa soko zima, au huna akiba ya dharura ya miezi kadhaa, anza na hayo, kwa kuwa haya mengine hayatakusaidia kabla ya hapo.

Hatua ya kwanza: elewa unachonunua

Mwaka 1981 Rolf Banz alichapisha utafiti wake kuhusu soko la New York akionyesha kwamba, kwa miongo mingi, hisa za kampuni ndogo zilizaa zaidi kuliko za kampuni kubwa, hata baada ya kuhesabu hatari kwa vipimo vya wakati ule. Mwaka 1992 Eugene Fama na Kenneth French waliongeza la pili. Walichukua thamani ya mali za kampuni ukiondoa madeni, kama ilivyoandikwa kwenye hesabu zake, wakailinganisha na thamani ya kampuni hiyo sokoni. Kampuni ambazo soko lilizithamini kidogo ukilinganisha na vitabu vyake zilizaa zaidi ya zile zilizopendwa. Hizo za kwanza nitaziita hisa nafuu, na za pili ni zile ambazo wenye soko huziita hisa za ukuaji.

Kwa nini hisa nafuu zilipe zaidi? Kuna majibu mawili, na jibu unaloliamini ndilo litakalokuongoza baadaye. Jibu la kwanza ni kwamba ni malipo ya hatari. Kampuni ndogo yenye bei nafuu mara nyingi ina madeni, wateja wachache na faida inayoyumba, kwa hiyo uchumi ukianguka huanguka nayo, na hakuna atakayeinunua bila kuahidiwa ziada. Jibu la pili ni kwamba watu hukosea: huzikimbilia kampuni zenye hadithi nzuri wakazilipia kupita kiasi, na huzisusa zile za kuchosha. Mimi naona majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini kwa mtu wa kawaida ni salama kupanga mambo yake kana kwamba jibu la kwanza ndilo sahihi. Ukijipanga kwa hatari na hatari isije, hujapoteza kitu.

Jambo moja la hesabu husahauliwa. Mfuko wa soko zima tayari una kampuni ndogo na hisa nafuu ndani yake, kila moja kwa uzito wake sokoni. Kampuni ndogo zenye bei nafuu kwa pamoja ni asilimia chache tu za soko la Marekani. Ukizipa asilimia 20 ya akiba yako, lazima kuna mtu mwingine anayeshika pungufu ya fungu lake. Haiwezekani wote tukaegemea upande mmoja. Kwa hiyo swali la kweli ni hili: una sababu gani ya kubeba kile ambacho mwekezaji wa wastani anakikwepa?

Hatua ya pili: punguza matarajio

Ukisoma takwimu za Fama na French tangu 1926, ziada ya hisa nafuu inaonekana kubwa sana. Kabla hujaiingiza kwenye mipango yako, ipunguze kwa sababu tatu.

Kwanza, takwimu zile hupima tofauti kati ya kununua hisa nafuu na kuuza kwa kuazima hisa ghali. Wewe utanunua tu. Utapata upande mmoja wa ile tofauti, na tena kupitia mfuko ambao hauchukui zile hisa nafuu kabisa za pembeni. Pili, takwimu hazilipi ada wala gharama za kununua na kuuza, na kwa kampuni ndogo pengo kati ya bei ya muuzaji na ya mnunuzi si dogo. Tatu, jambo likishajulikana hupungua. David McLean na Jeffrey Pontiff walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa mbinu nyingi za aina hii, wakakuta kwamba baada ya mbinu kuchapishwa na wasomi, ziada yake ilishuka kwa asilimia 58 kwa wastani.

Ziada ya ukubwa peke yake imeumia zaidi. Baada ya utafiti wa Banz kutoka, kampuni ndogo za Marekani zilipita kipindi kirefu zikiwa nyuma ya kubwa. Baadaye ikagundulika pia kwamba sehemu ya ile ziada ya zamani ilitokana na kumbukumbu pungufu: kampuni ndogo zilizofutwa sokoni baada ya kuanguka hazikuwa zimehesabiwa hasara yake yote. Kilichobaki na nguvu ni kampuni ndogo ambazo pia ni nafuu, na zaidi zile zinazopata faida. Ndiyo maana ushauri wangu hapa ni mkali: usiegemee udogo peke yake. Kampuni ndogo yenye bei ghali na isiyo na faida ni pembe ya soko iliyowaumiza wengi kwa muda mrefu.

Na hisa nafuu zenyewe? Fama na French walirudi kwenye suala hilo wakachapisha mwaka 2021. Waligawa data za kuanzia 1963 katika vipindi viwili, wakakuta ziada imeshuka sana katika kipindi cha pili. Lakini walisema pia kwamba matokeo ya kila mwezi hupanda na kushuka kwa fujo kiasi kwamba huwezi kuthibitisha kwa takwimu kuwa ziada ya kweli imebadilika. Maana yake kwako ni nzito: hata miaka karibu 30 haitoshi kukuambia kama mbinu imekufa au imelala. Asiyeweza kuishi na hali hiyo ya kutojua asiguse mwegemeo.

Hatua ya tatu: jipime kwa miaka mibaya

Watu wengi hujiuliza watapata nini. Anza na upande mwingine. Mwaka 2020 Russell 1000 Growth, fahirisi yaani kipimo cha mwendo wa kundi la hisa, yenye kampuni kubwa za ukuaji, ilizaa asilimia 38.5. Ndugu yake ya hisa nafuu, Russell 1000 Value, ilizaa asilimia 2.8. Huo haukuwa mwaka mmoja wa bahati mbaya, kwa sababu hisa nafuu zilikuwa zimebaki nyuma tangu karibu 2007. Mwenye mwegemeo aliona majirani zake wenye mfuko wa kawaida wakimpita mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya muongo. Mwaka 2022 upepo ukageuka: hisa nafuu zilishuka asilimia 7.5, za ukuaji zikashuka asilimia 29. Waliokuwa wameuza mwishoni mwa 2020 kwa kuchoka hawakuwepo.

Tufanye hesabu ya mtu mmoja wa kubuni. Ni muuguzi mwenye asili ya Mombasa anayefanya kazi Minneapolis, ana dola 20,000 na ana nafasi ya miaka 20. Tuchukulie soko zima linazaa asilimia 7 kwa mwaka, na kampuni ndogo nafuu zinalizidi kwa asilimia 2. Hizo ni namba za mfano tu, si utabiri. Akiweka fungu la asilimia 20 kwenye mwegemeo, na mfuko wa mwegemeo ukatoza ada ya asilimia 0.25 badala ya 0.03, ziada yake kwa akiba yote inakuwa takriban asilimia 0.36 kwa mwaka. Bila mwegemeo, dola 20,000 zinafika karibu 77,400. Akiwa na mwegemeo zinafika karibu 82,700. Ni kama dola 5,300 zaidi baada ya miaka 20. Si haba, lakini si utajiri.

Sasa geuza. Kwa miaka 10 ya mwanzo, kampuni ndogo nafuu ziko nyuma ya soko kwa asilimia 3 kila mwaka. Bila mwegemeo angekuwa na takriban dola 39,300, na akiwa na fungu la asilimia 20 ana kama 37,200. Pengo la dola 2,100 linauma, ila linabebeka. Lakini kama angeweka akiba yote huko, angekuwa na dola 29,600, pengo la karibu dola 9,700. Hapo ndipo watu huuza, na anayeuza hapo amelipa gharama yote ya mwegemeo bila kusubiri malipo yake.

Jipime pia kwa kazi yako, na hili naliona muhimu kuliko umri. Kuanzia Januari hadi Machi 2020 fahirisi ya kampuni ndogo nafuu za Marekani, Russell 2000 Value, ilishuka karibu asilimia 36, wakati kampuni kubwa za S&P 500 zilishuka karibu asilimia 20. Mwegemeo huu huanguka zaidi wakati uleule ambao biashara zinafungwa na watu wanaachishwa kazi. Muuguzi wetu anaweza kuubeba, kwa kuwa hospitali haifungi kwa sababu uchumi umedorora. Ndugu yake mwenye malori mawili ya mizigo, au mwenye mkahawa, tayari anamiliki kampuni ndogo yenye madeni, ambayo ni biashara yake mwenyewe. Huyo namshauri abaki na soko zima bila mwegemeo wowote.

Hatua ya nne: chagua mfuko kwa kuangalia ndani

Kama umefika hapa na bado unataka, amua ukubwa wa fungu kabla ya kuangalia mfuko wowote. Kwa maoni yangu, chini ya asilimia 10 haifai usumbufu, na zaidi ya 25 ni kwa mtu ambaye amekwisha kupita muongo mbaya bila kuuza. Fungu hilo litoke kwenye sehemu ya hisa, lisitoke kwenye akiba salama.

Jina la mfuko halitoshi. Fungua ukurasa wake na usome vitu vitatu: ada ya mwaka, P/B ya wastani, yaani bei ukilinganisha na thamani ya vitabuni, na ukubwa wa kawaida wa kampuni zilizomo. Halafu fungua ukurasa wa mfuko wa soko zima, kwa mfano VTI, ulinganishe. Kama P/B ya mfuko wa mwegemeo haiko chini waziwazi, na kampuni zake haziko ndogo waziwazi, unalipia jina.

Chukua mifuko miwili inayotajwa sana Marekani. VBR ya Vanguard inafuata fahirisi, ada yake ni ndogo mno, lakini kampuni zake nyingi ni za ukubwa wa kati na unafuu wake ni wa kadiri. AVUV ya Avantis ilianza Septemba 2019, ada yake ni asilimia 0.25, na wasimamizi wake huchagua kampuni kwa kuangalia bei pamoja na faida, hivyo mwegemeo wake ni mzito zaidi. Asilimia 10 za AVUV zinaweza kukuegemeza sawa na fungu kubwa zaidi la VBR. Unapolinganisha ada, linganisha na kiasi cha mwegemeo unachopata, usiangalie ada peke yake.

Angalia pia kama fahirisi ina sharti la faida. S&P SmallCap 600 hairuhusu kampuni kuingia mpaka iwe na faida katika jumla ya robo mwaka nne za karibuni na katika robo mwaka ya mwisho. Russell 2000 haina sharti hilo. Kwa kampuni ndogo, sharti hili dogo limeleta tofauti kubwa kwa miaka mingi. Mwisho, tazama sekta: mifuko ya aina hii imejaa benki za mikoa, kampuni za mafuta na viwanda. Benki kadhaa za Marekani zilipoanguka Machi 2023, wenye mwegemeo waliusikia mshindo kuliko wengine. Si kosa la mfuko, ni sehemu ya ulichonunua, na ni vizuri ukijua kabla.

Anayeishi Nairobi, Dar es Salaam au Muscat na si mkazi wa Marekani wala raia wake ana jambo la ziada. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio la hisa na mifuko ya Marekani hukatwa asilimia 30. Juu ya hapo, mgeni akifariki akiwa na mali za Marekani zaidi ya dola 60,000, hisa na mifuko ikiwemo, warithi wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi huko. Mifuko iliyosajiliwa Ireland, yenye neno UCITS kwenye jina, huepusha hilo la mirathi, na gawio la hisa za Marekani hukatwa asilimia 15 ndani ya mfuko. Ipo miwili inayofaa kuangaliwa: ZPRV kwa kampuni ndogo nafuu za Marekani na ZPRX kwa za Ulaya, yote kwa ada ya asilimia 0.30. Kabla ya kutuma fedha nje, uliza dalali wako na benki yako kanuni za nchi unayoishi.

Je, mwegemeo huu unaweza kufanywa kwenye soko la Nairobi au la Dar es Salaam? Kwa hesabu ya bei na vitabu, kampuni nafuu zipo Nairobi, tena nyingi. Lakini Nairobi ina kampuni zipatazo 60, na Dar es Salaam chini ya 30, baadhi yake zikiwa za Kenya zilizoorodheshwa pande zote mbili. Siku nyingi, hisa za kampuni ndogo hapo haziuziki hata kidogo. Matokeo ya Banz na ya Fama na French yanatokana na mamia na maelfu ya kampuni, ambamo chache zinakufa na chache zinainuka sana, na wastani ndio unaolipa. Mumias Sugar ilionekana nafuu mno ukiisoma vitabuni, na Septemba 2019 ikawekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyokuwa ikiidai. Ndani ya mfuko wenye kampuni 700, kifo cha namna hiyo hakionekani. Ndani ya mkoba wenye kampuni tano ulizozichagua mwenyewe, umepoteza moja ya tano ya fedha zako.

Hatua ya tano: andika kanuni, kisha zifuate

Chukua karatasi au faili moja uandike fungu unalolenga, mipaka yake, na utakachofanya likivuka. Mfano: lengo asilimia 20, mpaka wa chini 15, wa juu 25. Fedha mpya za kila mwezi ziende kwanza kwenye upande uliopungua. Kuuza na kununua kwa ajili ya kusawazisha kufanyike tu mpaka ukivukwa.

Rudi kwa muuguzi wetu. Alikuwa na dola 16,000 kwenye soko zima na 4,000 kwenye mwegemeo. Ikaja robo kama ile ya mwanzo wa 2020: soko zima likashuka asilimia 20 hadi 12,800, mwegemeo ukashuka 36 hadi 2,560. Jumla ni dola 15,360, na fungu la mwegemeo limekuwa asilimia 16.7. Mpaka haujavukwa, kwa hiyo hauzi chochote. Anaweka dola 300 kila mwezi, zote anazielekeza kwenye mwegemeo. Bei zikitulia hapo, baada ya miezi miwili ana dola 3,160 kati ya 15,960, yaani asilimia 19.8. Amesawazisha bila kuuza na bila kugusa kodi. Ugumu ni kwamba ametakiwa kununua mfuko ulioanguka zaidi, miezi miwili mfululizo, habari zikiwa mbaya. Ndiyo maana kanuni huandikwa mapema.

Mwenye akaunti ya kustaafu ya Marekani kama IRA aweke mwegemeo humo kama nafasi ipo, kwa sababu kuuza ndani yake hakuleti kodi ya faida. Mipango mingi ya 401(k), ile ya kustaafu inayotolewa na mwajiri, haina mfuko wa kampuni ndogo nafuu kabisa. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, weka soko zima kwenye 401(k) na mwegemeo kwenye IRA, kisha uhesabu mafungu kwa jumla ya akaunti zote mbili.

Kwenye karatasi hiyohiyo andika sababu zitakazokuruhusu kuacha. Mimi ninakubali tatu tu. Ya kwanza, mfuko umebadilika: P/B yake imepanda mpaka inakaribia ya soko zima, au ada imepanda. Ya pili, maisha yamebadilika: umefungua biashara yako, au unazihitaji fedha ndani ya miaka mitano. Ya tatu, umegundua kwamba hulali kwa sababu ya fungu hili. Hiyo ya tatu ikitokea, lipunguze kwa nusu, na usilirudishe tena hata miaka mizuri ikija, kwa sababu ungekuwa unanunua ghali kile ulichokiuza rahisi. Kubaki nyuma ya soko kwa miaka mitatu au mitano hakumo kwenye orodha, kwa kuwa kulishatarajiwa siku unanunua.